Mita ya bati bei gani?

Mwenyekiti wetu wa kamati ya ujenzi ni mtu wa vitendo. Tulipokubaliana kwamba ukumbi wa chekechea yetu ya Kibosho, Moshi, uezekwe kabla ya masika, alitoa simu mfukoni palepale kikaoni akawatumia wauzaji wanne ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Mangi, geji 28 migongo mipana mita bei gani?" Kikao hakijaisha, majibu yote yakawa yamerudi. Mmoja 24,000, mwingine 26,500, wa tatu 25,000, wa nne 21,000. Akatuangalia kwa furaha. "Basi tumeshapata, huyu wa ishirini na moja."

Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo, na mkate wangu wa kila siku ni kununua vitu kwa niaba ya hoteli moja hapa Arusha. Nilimwomba mwenyekiti atupe wiki moja. Shikamoo zilipita nyingi kabla hajakubali, maana kwake kazi ilikuwa imeisha. Hoja yangu ilikuwa fupi: wale watu wanne hawakuulizwa kitu kimoja. Kila mmoja aliulizwa swali lenye matundu, akayaziba matundu kwa namna iliyompendeza, kisha akatoa bei ya kile alichokiziba. Hakuna aliyedanganya. Lakini kuziweka bei zile nne kwenye mstari mmoja na kuchagua ndogo ni kuchagua bila kujua unachochagua.

Tundu la kwanza ni neno geji lenyewe. Kila mtu Moshi anajua geji 28 ni nene kuliko geji 30, na hapo ndipo ujuzi wa wengi unapoishia. Geji ni namba ya jedwali, na majedwali yako zaidi ya moja. Kwenye jedwali la zamani la Waingereza, namba 28 ni karibu milimita 0.38. Kwenye jedwali la Wamarekani la bati lililochovywa zinki, namba 30 ni karibu milimita 0.40. Yaani geji 30 ya jedwali moja inaweza kuwa nene kuliko geji 28 ya jedwali lingine, na muuzaji akakuandikia geji 28 kwa moyo mweupe kabisa. Kinachopimika ni milimita. Basi andika milimita.

Hata milimita nayo ina mlango wa nyuma. Unene unaopimwa wapi? Bati la rangi ni tabaka kadhaa: chuma katikati, juu yake na chini yake mchovyo wa aluminiamu na zinki, halafu rangi pande zote mbili. Mchovyo unaoandikwa AZ150 maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko huo kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili. Mchanganyiko wenyewe ni aluminiamu kama asilimia 55, zinki karibu asilimia 43 na nusu, na silikoni kidogo. Gramu hizo 150 zina unene wa kama milimita 0.04 kwa jumla. Rangi nayo inaongeza kama 0.03. Kwa hiyo bati linalosoma 0.40 kwenye maikromita baada ya rangi lina chuma chembamba kuliko bati la 0.40 kabla ya rangi, na wauzaji wote wawili wataandika "0.40" kwenye kotesheni zao. Ukitaka walingane, sema: unene usiopungua milimita 0.40 kabla ya rangi. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye pesa.

Na mchovyo ndio unaoamua bati litaota kutu lini, kuliko hata unene. AZ50 ina theluthi moja ya kinga ya AZ150. Ukiyaangalia mabati mawili dukani, yote yanang'aa, yote yana rangi ya chokoleti, hutaona tofauti hata ukivaa miwani. Kibosho mvua ni nyingi, majani ya migomba na migrevilea yanaangukia paa na kukaa na unyevu, kwa hiyo hapa sikutaka kubahatisha. Cheti cha koili, yaani lile bunda la bati lililoviringwa kabla ya kukunjwa migongo, hutoka kiwandani na kinataja AZ ngapi, na muuzaji anayeuza AZ150 kweli anaweza kukupatia nakala. Tuliandika kwamba tunaitaka.

Tundu la pili ndilo lililomshangaza mwenyekiti zaidi: upana. Sote tunanunua bati kwa mita ya urefu, lakini paa linafunikwa kwa upana. Mashine za kukunja bati hazifanani, na koili zinazoingizwa humo hazifanani. Koili ya upana wa milimita 914 ikishakunjwa migongo, na ukitoa mgongo mmoja unaolaliwa na bati la jirani, inakubakizia upana wa kufunika wa sentimita 76 hivi. Koili ya mita moja inakupa kama 86. Mafundi wanauita upana huo upana wa kazi, na haumo katika bei ya mita moja. Unajitokeza pale bati la mwisho linapokosekana na fundi anaanza kukupigia simu.

Tulifanya hesabu kikaoni, kwa kalamu. Paa letu ni la kawaida, pande mbili, urefu wa mita 18, na mteremko wa kila upande mita 5.5. Kwa bati la sentimita 76 unahitaji mabati 24 kila upande, jumla 48, yaani mita 264. Kwa bati la sentimita 86 unahitaji 21 kila upande, jumla 42, yaani mita 231. Paa ni lilelile, mvua ni ileile, na tofauti ni mita 33 za bati. Yule wa 24,000 alikuwa na koili nyembamba, kwa hiyo mabati yake yangetugharimu 6,336,000. Yule wa 26,500 alikuwa na koili ya mita moja, na yake ni 6,121,500. Mita iliyo ghali zaidi ndiyo ilileta paa la bei nafuu. Mwenyekiti aliirudia hesabu mwenyewe kwenye simu, akanyamaza, kisha akasema, "Sawa, katibu, andika hiyo barua yako."

Kabla ya kuandika nilimpigia fundi. Ninachomwomba fundi siku zote ni vipimo tu: kenchi zinasimama kwa umbali gani, papi zinapigwa kila baada ya sentimita ngapi, anataka skrubu za urefu gani, ncha ya paa inatoka nje ya ukuta kiasi gani. Bei sijawahi kumtuma akaniletee, na simfichi sababu. Mafundi wengi wana duka wanalolipenda na duka hilo linawapenda pia. Cha juu kikishaingia, vipimo vinaanza kufanana na stoo ya duka hilo. Fundi wetu ni kijana muungwana, alicheka, akaja na futi kamba siku ya pili yake.

Barua iliyotoka ilikuwa ya ukurasa mmoja. Naiweka hapa karibu kama ilivyokuwa, kwa sababu watu wameniomba:

"Tunaomba kotesheni ya kuezeka ukumbi mmoja wa paa la pande mbili, Kibosho, Moshi. Urefu wa paa ni mita 18 na mteremko wa kila upande ni mita 5.5. Bati la migongo mipana, mchovyo AZ150, unene usiopungua milimita 0.40 kabla ya rangi, rangi ya chokoleti RAL 8017. Tafadhali taja upana wa koili yako, upana wa kufunika wa bati lako, na idadi ya mabati uliyohesabu. Kofia 10 za mita 2, za bati hilohilo. Skrubu 1,200 za milimita 65 zenye wosha ya mpira, rangi ileile.

Bei iwe kwa shilingi na iwe pamoja na VAT, ikionyesha bei ya mita moja na jumla. Usafiri hadi kiwanjani pamoja na kushusha uandikwe mstari wake peke yake. Urefu wa mwisho wa mabati utathibitishwa kenchi zikishasimama, na bei ya mita moja ibaki ileile kwa siku 30. Taja masharti ya malipo, siku za kusubiri mzigo, na udhamini kwa maandishi. Ambatisha nakala ya cheti cha koili.

Ikiwa huna bati hili, unaweza kutoa bei ya ulilonalo, lakini iwe kotesheni ya pili, ukieleza linatofautiana wapi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa 10 jioni. Swali lolote utakalouliza litajibiwa kwa wauzaji wote."

Kuna mambo mawili matatu humo yanayohitaji maelezo, mengine yanajieleza.

Kofia na skrubu tumetaja idadi sisi wenyewe. Ukimwachia muuzaji ahesabu, mmoja atakupigia skrubu 800 ili jumla yake ionekane ndogo, mwingine 1,500 kwa sababu ndivyo boksi zake zilivyo, na hapo umeshapoteza ulinganisho kwenye kitu cha shilingi mia na hamsini. Hesabu ya kofia ni rahisi: ya mita 2 ikilaliana sentimita 15 inabakiza mita 1.85, ukigawa 18 kwa hiyo unapata kofia 10. Ya skrubu aliifanya fundi. Safu saba za papi kila upande, mabati 21, skrubu nne kwa kila bati kwenye kila safu, inakuja 1,176, tukafunga 1,200. Idadi ikikosewa kidogo haina neno, mradi kila muuzaji amekosea pamoja na sisi. Kwa mwenye bati jembamba idadi hiyo ingeongezeka kidogo, na hilo tuliliandika pembeni ili tusije kulisahau.

Upana, kwa upande mwingine, hatukuupanga. Tungeandika "sentimita 86" tungekuwa tumemfungia mlango mwenye koili nyembamba ambaye pengine bei yake kwa paa zima ni nzuri. Tulitaja paa, yaani kazi inayotakiwa, tukamwachia kila mtu alifunike kwa bati lake na aonyeshe hesabu. Kinachobana ni ubora na ukubwa wa paa. Kwa sababu hiyohiyo hatukutaja jina la kiwanda. Ukiandika jina la kampuni moja, unayemwandikia wa pili anajua kabisa kwamba unamtumia kupata karatasi ya kujaza faili, na atakujibu kwa bei ya kujaza faili.

Usafiri kuwa na mstari wake ni jambo la mlimani. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80 za lami, na Fuso inazipita bila neno. Kazi ni kile kipande cha mwisho cha kupanda Kibosho, ambacho kikilowa hata pikipiki inajifikiria. Muuzaji aliyeandika "usafiri bure" mara nyingi anamaanisha bure hadi barabara kubwa, na pale chini unatafuta vijana wa kubeba bati la mita tano na nusu mabegani kupanda kilima. Bati likipinda njiani, ni la nani? Ukiandika "hadi kiwanjani pamoja na kushusha" umelijibu hilo kabla halijawa ugomvi.

Kuhusu VAT, asilimia 18 si kitu cha kuachia kudhania. Muuzaji wetu wa tatu, yule wa 25,000, alikuwa ametaja bei kabla ya kodi. Ni desturi ya maduka yanayouzia makampuni, na kwao ni kawaida tu. Ukiongeza kodi, 25,000 inakuwa 29,500. Pembeni niseme: kuna atakayekunong'oneza kwamba bila risiti ya EFD atakupunguzia. Kamati inayokusanya michango ya wazazi haina namna ya kueleza matumizi bila risiti, kwa hiyo kwetu hilo halikuwa la kujadili.

Barua ilikwenda kwa wote wanne asubuhi moja. Siku iliyofuata dada mmoja wa mauzo akapiga simu. "Samahani kaka, rangi ya kung'aa au ile iliyofifia? Bei zake ni tofauti." Swali zuri, na lilikuwa tundu ambalo barua haikuliziba. Tukachagua ya kung'aa, na jibu likatumwa kwa wote wanne bila kutaja nani ameuliza. Hatua hii watu huiruka. Wanamjibu aliyeuliza, na kuanzia hapo yeye anapigia bei kitu kimoja na wenzake watatu kitu kingine, na barua yote nzuri imekuwa bure.

Kilichonihangaisha wiki ile ni simu za aina nyingine. "Niambie tu wenzangu wameweka ngapi, nitashuka." Mwenyekiti alishawishika. Ni kweli atashuka. Lakini aliyepewa bei ya mwenzake hapigi tena hesabu ya gharama zake, anapiga hesabu ya kumpita mwenzake kwa elfu hamsini, na hizo elfu hamsini atazitafuta mahali. Kwenye bati mahali hapo panajulikana: unene na mchovyo. Na maduka ya Moshi ni mtaa mmoja. Habari kwamba kamati fulani inauza bei za watu ikienea, mara nyingine hutajibiwa. Tukakubaliana kwamba bei hazitoki hadi saa 10 ya Ijumaa, na kila mmoja anayo nafasi moja ya kuweka bei yake nzuri.

Ijumaa jioni karatasi nne zilikuwa mezani. Sasa zilizungumza lugha moja. Yule wa nne, wa 21,000, alikuwa ameandika kotesheni mbili kama tulivyoruhusu. Ya pili ilikuwa ileile 21,000, na maelezo yake yalikuwa wazi: milimita 0.35 pamoja na rangi, AZ50. Bei yake haikuwa ya uongo hata kidogo, ilikuwa bei halali ya bati jingine. Kwa bati tuliloomba, bei yake ilikuwa 27,000 pamoja na VAT, koili ya mita moja.

Basi hesabu ya mwisho ikawa hivi. Duka la kwanza, la Moshi mjini, lenye koili nyembamba: mabati 6,336,000, kofia 180,000, skrubu 180,000, usafiri 120,000, jumla 6,816,000. La pili, la Arusha: mabati 6,121,500, kofia 200,000, skrubu 180,000, usafiri 350,000, jumla 6,851,500. La tatu lilikuwa limeshavuka milioni 6.8 kwa mabati peke yake, kabla ya kofia. La nne, la Bomang'ombe: mabati 6,237,000, kofia 180,000, skrubu 168,000, usafiri 130,000, jumla 6,715,000.

Angalia lilivyojipanga. La Arusha ndilo lililokuwa na bei ndogo ya mabati, usafiri ukaila faida yote. La kwanza ndilo lililokuwa na bei ndogo ya mita, upana ukalimaliza. Lililoshinda lilikuwa la tatu kwa bei ya mita.

Lakini lilishinda kwa 101,000, ambayo haifiki hata asilimia mbili ya kazi yote. Mwenyekiti alitaka tufunge hapohapo. Mimi naona tofauti ndogo namna ile haitoshi kuamua, ni ruhusa ya kuangalia mistari mingine. Duka la kwanza lilitaka malipo yote kabla ya kukunja bati na halikuleta cheti cha koili. La nne lilitaka nusu kabla, nusu mzigo ukishapokelewa kiwanjani, na cheti kilikuwepo, kikitaja AZ150. Kwa pesa za wazazi, ile nusu inayobaki mkononi hadi mzigo upimwe ina thamani kuliko laki moja. Kama mambo yangekuwa kinyume, yaani wa bei ndogo ndiye asiye na cheti, ningepigania tumpe yule wa juu, na nadhani ningeshinda.

Walioshindwa tuliwaandikia pia, sentensi mbili, asante na kwamba tumechukua kwingine. Dada wa Arusha alijibu akiuliza kama ni usafiri uliomwangusha. Tukamwambia ndiyo.

Kotesheni nzuri bado ni karatasi. Ulinganisho unakamilika mzigo unapopimwa kwa vipimo vilevile vilivyoombwa, na kipimo kinachofanya kazi kijijini kuliko vyote ni mizani. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Bati letu, chuma cha milimita 0.36 pamoja na mchovyo na rangi, linakuja karibu kilo 3 kwa kila mita ya mraba ya koili. Koili ni ya upana wa mita moja, na mabati yaliyofika yalikuwa ya mita 5.6 kwa sababu nitakayoieleza, kwa hiyo bati moja linapaswa kuwa karibu kilo 17. Lile la 0.35 pamoja na rangi lisingefika kilo 14 na nusu. Hesabu hiyo inafanyika kwa upana wa koili, usitumie upana wa kufunika, ndiyo maana barua iliuliza vyote viwili. Tuliazima mizani ya kupimia kahawa, tukapima mabati matano kutoka juu, katikati na chini ya furushi, maana yakiwepo mepesi hayawekwi juu. Yalicheza kati ya kilo 16.7 na 17.1. Maikromita ya fundi ilisoma 0.43 pamoja na rangi, ambayo ndiyo 0.40 yetu. Mgongoni mwa kila bati pana maandishi ya wino ya kiwanda, tukayalinganisha na cheti. AZ yenyewe mizani haiwezi kuithibitisha, tofauti yake ni gramu mia kwa mita ya mraba, inajificha. Hapo unategemea cheti na ule udhamini wa maandishi.

Mzigo huo haukukunjwa siku tuliyosaini. Kenchi ziliposimama, fundi alivuta futi kamba kutoka kileleni hadi ukingoni akapata mita 5.6, kwa sababu ukuta mmoja ulikuwa umesogea kidogo na akaamua kuongeza ncha. Bati likishakatwa halirudishwi dukani, kwa hiyo kipimo hiki ndicho cha kwenda nacho. Mabati 42 ya mita 5.6 ni mita 235.2, nyongeza ya mita 4.2. Katikati ya siku zile bei ya bati ilikuwa imepanda, na kijana wa dukani akajaribu kuiweka nyongeza kwa bei mpya. "Mangi," mwenyekiti akamwambia, akiwa na karatasi mkononi, "soma hapa, bei ya mita moja siku 30." Tukaongeza 113,400 kwa bei ileile ya 27,000, na koili ikaingia kwenye mashine.